«Faida Zingine Kulingana na Sheria»

Juma hili ninataka kuwaeleza juu ya maneno matano yaliyoandikwa chini ya karatasi moja ya kazi. Karatasi ilikuwa ya shemeji yangu mdogo, na maneno yenyewe ndiyo hayo niliyoyaweka juu: «faida zingine kulingana na sheria».

Ilikuwa siku ya Ijumaa, saa tisa za alasiri. Nilikuwa nimekaa uani nasahihisha makaratasi ya darasa la tano. Shemeji akaingia mbio, jasho likimtoka, ameshuka toleka pale barabarani bila kungojea chenji yake. Ana miaka 29 na watoto wawili, na bwana yake anaendesha pikipiki ya kubeba watu. Miaka mitatu alikuwa anapeleka barua za kuomba kazi katika maduka na mabiro ya Makiso. Sasa sosiete moja ya biashara ilikuwa imemwita kwa kazi ya mtunza sanduku, mshahara franka 600.000 kwa mwezi. Akaniambia: «Yaya, nipe kalamu tu. Direkta anasafiri kesho, amesema nirudishe karatasi kabla ya saa kumi.»

Nilisoma karatasi. Kurasa mbili. Jina, kazi, mshahara, saa za kuingia na kutoka, muda wa majaribio miezi sita. Halafu mstari ule: «faida zingine kulingana na sheria». Nikamwuliza: mtoto akipata malaria saa sita usiku, unampeleka wapi, na nani analipa? Hakujua. Konje ni siku ngapi? Akasema: «Walisema mwezi mmoja.» Wapi wameandika? Kimya. Na pansioni? Hapo akacheka: «Yaya, mimi niko na miaka 29!»

Nilimpa kalamu, lakini si ya kutia sahihi. Nilimwambia aandike maswali. Na mimi nilikuwa na sababu yangu. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, nikiwa nimetoka tu na diploma, niliingia katika shule moja ya watu binafsi. Walinipa mshahara kwa mdomo, nikafurahi. Mwezi wa saba ulipofika nikaenda kuchukua malipo, wakaniambia kwamba konje ni ya wanafunzi, na mwalimu analipwa miezi kumi. Sikuwa na karatasi ya kuonyesha kinyume. Nilikuwa na mimba ya kwanza.

Turudi kwenye yale maneno matano. Si maneno ya uongo. Sheria ipo: ni Kode ya Kazi ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, iliyorekebishwa 2016. Shida ni kwamba mstari ule mmoja unafunika mambo matatu tofauti, na sheria haiyashughulikii sawasawa. Kwa matibabu, sheria inatoa kingi, lakini haisemi mlango gani wa kugonga. Kwa konje, inatoa kidogo kuliko watu wanavyodhani. Kwa pansioni, inategemea kazi ambayo tajiri anaifanya katika biro nyingine, mahali ambapo wewe hauko. Kwa hiyo kila moja inaulizwa kwa namna yake.

Matibabu kwanza. Wamama wengi wanaamini kwamba ukikatwa pesa za CNSS, basi ukiugua CNSS italipa hospitali. Hapana. CNSS inashughulikia pansioni, ajali na magonjwa yanayotokana na kazi, na malipo ya familia. Malaria ya mtoto, upasuaji wa bwana, jino lako linalouma usiku: hayo Kode ya Kazi imeyaweka juu ya tajiri mwenyewe. Kwa ugonjwa, ajali, mimba na uzazi, tajiri anapaswa kumpatia mfanyakazi na familia yake daktari, upasuaji, meno, dawa na kitanda cha hospitali, mpaka mwisho wa kontra. Hata kama ugonjwa haukutoka kazini.

Hilo ni kubwa. Lakini «matibabu yatatolewa» haifungui mlango wa hospitali saa sita usiku. Kinachoufungua ni boni yenye muhuri, au jina lako katika orodha ya hospitali iliyopatana na sosiete. Ndiyo maana swali la matibabu lina sehemu tatu. Ya kwanza: hospitali au dispensari gani, kwa jina, na ikiwa dispensari ile haiwezi, tunapelekwa wapi kwa gharama ya nani? Ya pili: nani katika familia yangu anaingia? Ya tatu: usiku na siku ya Mungu, wakati biro imefungwa, boni inatoka kwa nani?

Hiyo sehemu ya pili wamama tuishike vizuri. Mara nyingi mwanamke anaambiwa: «Wewe uko na bwana, watoto watatibiwa kwa upande wake.» Sheria inaposema familia ya mfanyakazi, inasema mwenzi wa ndoa na watoto, haikusema kwamba mfanyakazi ni mwanamume tu. Bwana wa shemeji ni mtu wa pikipiki, hana tajiri wa kumtibu. Kama watoto hawaingii kwa mama, hawana mahali pengine. Lakini hapa kuna kazi yetu pia: sosiete itakuomba karatasi. Akti ya ndoa ya komini, akti za kuzaliwa za watoto. Mwenye ndoa ya nyumbani tu, mahari imelipwa lakini komini hawakufika, anaweza kukwama hapo. Kontra yenyewe inapaswa kutaja hali ya familia yako. Hakikisha majina ya watoto yote yameandikwa, na yameandikwa kama yalivyo kwenye akti.

Sasa konje. Hapa ndipo shemeji alishangaa. Walimwambia «mwezi mmoja» kwa mdomo, na karatasi inasema «kulingana na sheria». Hayo si kitu kimoja. Sheria inaweka kiasi cha chini: siku 1 ya kazi kwa kila mwezi mzima uliofanya, kwa mtu aliyepita miaka 18. Hesabu mwenyewe: miezi 12, siku 12. Kwa anayefanya kazi toka siku ya kwanza mpaka Posho, siku 12 ni majuma mawili. Kila ukimaliza miaka mitano kwa tajiri mmoja, unaongezewa siku 1. Basi. Kwa hiyo mtu akikuahidi mwezi, na karatasi ikasema «sheria», siku ya mgongano utapata majuma mawili, na tajiri hatakuwa amevunja sheria. Ahadi iliyozidi sheria ndiyo inayohitaji kuandikwa kuliko zote, kwa sababu hakuna kitu kingine kinachoilinda.

Uliza hivi: siku ngapi za kazi kwa mwaka, kwa tarakimu, na zinalipwa? Sheria inasema mtu aliye katika konje yake ya mwaka analipwa, kwa hiyo swali la pili si la kuomba huruma, ni la kuwafanya waandike.

Na konje ya uzazi isichanganywe humo. Hiyo ni majuma 14 mfululizo, na mama anaendelea kupata theluthi mbili za mshahara. Haitolewi katika siku zako za mwaka. Kuna pia siku za msiba: mwenzi wa ndoa, mzazi au mtoto akifariki, ni siku 4 za kazi. Nimeona kontra ambayo imeweka zote pamoja, «konje siku 20, pamoja na uzazi na matukio ya familia». Ukiona mstari wa namna hiyo, uliza tena kabla ya kutia sahihi.

Ya tatu ni pansioni, ile iliyomchekesha shemeji. Nilimchorea hesabu nyuma ya karatasi ya mwanafunzi.

Kwa mshahara unaohesabiwa wa franka 600.000, CNSS inapaswa kupata asilimia 18. Asilimia 5 inatoka kwako: franka 30.000. Asilimia 13 inatoka kwa tajiri: franka 78.000. Katika hizo za tajiri, asilimia 5 ni za pansioni, 6,5 za malipo ya familia, na 1,5 za ajali za kazi. Maana yake pansioni yako inapata franka 60.000 kila mwezi, nusu kutoka kwako na nusu kutoka kwake. Akasema: «Kumbe yeye analipa nyingi kuliko mimi?» Ndiyo. Na ndiyo sababu kuna matajiri wanaopenda kuchelewa kukuandikisha.

Kuchelewa kunaumiza wapi? Kwa sheria ya mwaka 2016, pansioni ya uzee inaombwa ukiwa na miaka 60, umeacha kazi ya mshahara, na umetimiza miezi 180 ya kuandikishwa, yaani miaka 15. Msichana wa miaka 29 ana nafasi. Lakini wamama wengi wa jumuiya yetu wanapata kazi yao ya kwanza yenye karatasi wakiwa wamekwisha lea watoto. Chukua mama wa miaka 44. Akiandikishwa siku ya kwanza, akiwa na miaka 59 ametimiza miezi yake 180. Tajiri akimwambia «tutakuandikisha ukizoea», ikapita miaka miwili, akifika 60 atakuwa na miezi 168. Amekosa 12. Miaka miwili ambayo hakuna aliyeihesabu kumi na tano nyuma, inamtoa katika pansioni ya kila mwezi.

Hapa maswali ni mawili. Namba ya sosiete katika CNSS ni ngapi? Hiyo si siri, ni kati ya vitu ambavyo kontra inapaswa kuvitaja. Tajiri asiye na namba hawezi kukuandikisha, hata akikuahidi kwa kiapo. La pili: nitaandikishwa toka tarehe gani? Jibu zuri ni «tarehe ya kuanza kazi». Jibu la «baada ya majaribio» kwa shemeji lilikuwa na maana ya miezi sita iliyopotea. Mtu aliye katika majaribio ni mfanyakazi tayari.

Na ukishaingia, usiishie kwenye fishi ya malipo. Fishi inaonyesha kwamba umekatwa franka 30.000, haionyeshi kwamba zimefika. Kuna wanaokata na kuzibakiza. Baada ya miezi mitatu au minne, shika namba yako, nenda kwenye biro ya CNSS, uliza kama jina lako linaonekana katika matangazo ya sosiete na miezi mingapi imeingia. Kama hakuna namba yako, au jina limeandikwa vibaya, ni rahisi kurekebisha mwaka ule ule kuliko kutafuta fishi za miaka ishirini iliyoliwa na mchwa. (Wake wa watumishi wa serikali na walimu wanaolipwa na serikali: kwenu mfuko ni mwingine, CNSSAP. Msiende kuuliza CNSS.)

Sasa nakuja kwenye woga, kwa maana najua ndio mnauwaza. «Nikiuliza hivyo, wataita mwingine.» Shemeji alisema hivyo hivyo, akiangalia saa. Siwezi kuwadanganya kwamba haitokei. Mtaa umejaa watu wenye diploma wanaotafuta. Lakini Kode ya Kazi ina kitu kinachosaidia mtu mwenye heshima: tajiri anapaswa kukupa mfano wa kontra angalau siku mbili za kazi kabla ya kutia sahihi, na kukuonyesha karatasi zote ambazo kontra inazitaja. Kwa hiyo ukiomba siku mbili, hujaleta ugomvi. Umeomba kile ambacho sheria ilikwisha kuwapangia wote wawili. Na kama kontra inasema «matibabu kulingana na kanuni za ndani», una haki ya kuziona kanuni zile kabla, si baada.

Tuliandika ujumbe wake hivi. Wao waliandika kwa Kifaransa, naye akajibu kwa Kifaransa, lakini maana ilikuwa hii:

«Bwana Direkta, nashukuru sana kwa kazi mliyonipa, na niko tayari kuanza tarehe mliyosema. Nimesoma karatasi vizuri. Kabla ya kutia sahihi siku ya pili, naomba mambo matatu yaandikwe ndani ya kontra au kwenye karatasi inayoambatana nayo: hospitali ya matibabu na watu wa familia yangu wanaoingia, idadi ya siku za kazi za konje kwa mwaka, na tarehe ya kuandikishwa CNSS pamoja na namba ya sosiete. Nabaki kwa heshima.»

Tazameni, hakuna «nadai», hakuna «sheria inasema». Kuna shukrani, kuna tarehe ya kuanza, kuna mambo matatu yanayojibiwa kwa mistari mitatu. Tulituma kwa simu ili ibaki imeandikwa, naye akapeleka karatasi yenye sahihi yake kwa sekretari. Ujumbe wa sauti hatukutuma. Sauti inasahaulika, na direkta aliye safarini hawezi kumpa mtu mwingine asome.

Usiku ule shemeji hakulala. Posho, kimya. Siku ya Mungu, kimya. Bwana yake akaanza kunitazama vibaya, na mimi nilijiuliza kama nimemtilia mtoto wa watu mchanga katika chakula. Siku ya pili saa nne, sekretari akapiga simu: njoo uchukue karatasi mpya.

Hawakumpa yote. Hospitali imeandikwa kwa jina, watoto wawili wameingia. Bwana yake hapana, mpaka alete akti ya ndoa, na sasa wako mbioni komini ya Mangobo. Konje waliandika siku 18 za kazi. Si ule mwezi wa mdomo, lakini ni 6 juu ya sheria, na sasa ziko kwenye karatasi. Kuhusu CNSS waliandika «baada ya muda wa majaribio». Hilo moja alirudi nalo. Alimwambia sekretari kwa upole: «Mama, hapa tu, naomba iandikwe tarehe ya kuanza.» Sekretari akaingia ndani, akatoka, akafuta kwa kalamu, akaandika tarehe, direkta akatia sahihi pembeni ya mahali palipofutwa. Sahihi hiyo ya pembeni ni ya lazima. Maneno yaliyofutwa bila sahihi ya pande zote mbili yanaweza kukanwa kesho.

Alipotia sahihi, alibaki na nakala yake. Mngeshangaa ni wangapi wanatia sahihi halafu wanaacha zote mbili biro. Kontra yenyewe inapaswa kupitishwa ONEM ipate visa, lakini usikubali nakala yako isubiri huko. Omba yako siku ile ile, au ipigie picha kila ukurasa kabla ya kutoka mlangoni.

Na yule ambaye amekwisha anza kazi bila karatasi yoyote? Sheria haimtupi. Kontra isiyoandikwa inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho mpaka ithibitishwe vingine, na matibabu, siku 12 na CNSS ni vyake pia. Ila kila kitu kilichozidi hapo, kila ahadi ya mdomo, itakuwa neno lake mbele ya neno la tajiri katika biro ya Inspeksioni ya Kazi. Anaweza leo kuandika barua fupi ya kuomba mambo matatu yale yale, kwa heshima ile ile. Aweke tarehe, na aombe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yake.

Shemeji ameanza kazi. Siku ya kwanza alirudi na boni tupu mbili zenye muhuri, moja akaificha chini ya godoro na moja akaja kunionyesha. Mtoto wake mdogo alikohoa mezani, sote tukamtazama, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeuliza: pesa iko wapi?

Wenye kontra nyumbani, tafuteni mstari ule wa maneno matano. Mkiuona, leteni karatasi siku ya mkutano wetu, tuisome pamoja. Mpaka juma lijalo.